Nani Kaandika Mwisho?

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta moja kaunta, na mwenye duka ana simu yake. Kompyuta na simu zinatumia programu ileile ya bei na stoo, na kila badiliko linapelekwa kwenye seva moja. Saa nne na dakika kumi asubuhi karani anaingiza bei mpya ya mfuko wa saruji: shilingi 18,500. Dakika mbili baadaye mwenye duka, akiwa njiani, anaiona bei hiyo kwenye simu, anagundua karani kakosea, anaisahihisha kuwa 19,500 na kurudisha simu mfukoni. Jioni anarudi na kukuta saruji imeuzwa kwa 18,500 kutwa nzima.

"Mbona hukufuata bei niliyoweka?"

"Bosi, nimeuza kwa bei iliyopo kwenye kompyuta. Hukubadilisha."

"Nimebadilisha kwa mkono wangu!"

Wote wawili wanasema kweli. Muongo ni saa ya kompyuta ya kaunta, ambayo ilikuwa mbele kwa dakika nne na hakuna aliyejua. Karani alipoandika bei yake, kompyuta iliigonga muhuri wa 10:14 ingawa ilikuwa 10:10. Simu ya mwenye duka ilikuwa sahihi, ikaugonga usahihisho muhuri wa 10:12. Seva ilikuwa na kanuni moja tu: badiliko lenye muhuri wa baadaye ndilo la mwisho, na la mwisho ndilo linalobaki. Ikalinganisha 10:14 na 10:12, ikaona usahihisho ni habari ya zamani, ikautupa. Hakuna onyo lililotokea kwenye kioo, wala alama nyekundu. Kwa hesabu za seva, kazi ilikwenda vizuri.

Kanuni hiyo ya "wa mwisho ndiye mshindi" imeenea kwa sababu ni rahisi kuiandika na haihitaji kumsumbua mtu kwa maswali. Hata Cassandra, hifadhidata kubwa inayotumiwa na makampuni mengi duniani, huamua hivyo kwa kila kisanduku cha data: muhuri mkubwa hushinda. Kanuni yenyewe haina ubaya pale saa ni moja. Tabu huanza saa zikiwa mbili.

Kwa nini saa mbili hazipatani

Ndani ya kompyuta na simu kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi. Kikipitishiwa umeme hutetemeka, na katika saa nyingi fuwele hiyo imekatwa ili itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Mashine huhesabu mitetemo. Ikifika 32,768 inaongeza sekunde moja. Lakini hakuna fuwele mbili zilizokatwa sawasawa kabisa. Fuwele ya kawaida ya bei nafuu huweza kukosea kwa sehemu 20 katika kila milioni. Kosa hilo linasikika dogo mpaka ulipigie hesabu: siku ina sekunde 86,400, na sehemu 20 za milioni za hizo ni sekunde 1.7. Kwa mwezi unapata sekunde 50 na zaidi. Kompyuta ya kaunta, isiposahihishwa na mtu wala mtandao, itafikisha dakika zake nne kwa siku 140 hivi. Na mashine mbili zikikosea pande tofauti, moja ikikimbia na nyingine ikizembea, tofauti kati yao inakuwa maradufu.

Joto nalo lina mkono wake. Fuwele za aina hii hutengenezwa ziwe sahihi zaidi kwenye nyuzi joto 25 hivi, na zikipoa au zikipata moto kupita hapo zinapunguza mwendo. Kwa hiyo kompyuta iliyo chini ya bati la moto haitakuwa na mwendo uleule wa iliyo kwenye ofisi yenye kiyoyozi, hata kama zimetoka kiwandani siku moja.

Hayo ni makosa ya polepole. Yapo ya ghafla. Kibetri cha duara kinacholinda saa ya kompyuta wakati imezimwa kikifa, mashine huamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka wa zamani. Mabadiliko yake yote yatapigwa mihuri ya kale na yatashindwa na kila mtu. Kinyume chake ni simu ambayo mtoto kaisogeza tarehe mbele ili mchezo umrudishie nafasi za kucheza, kisha akasahau kuirudisha. Badiliko lililopigwa muhuri wa mwaka ujao halisahihishiki: kila usahihisho wa leo utaonekana mzee kuliko kosa, mpaka mwaka ujao ufike. Hata kulifuta hakusaidii, kwa sababu kufuta nako ni badiliko lenye muhuri wa leo.

Hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza: mbona sisi tunasema saa nne na kioo kinaonyesha kumi, na hatupotezani? Ni kwa sababu tofauti yetu ni saa sita kamili, haibadiliki, na kila mtu anaijua. Hali kadhalika Dar es Salaam na Bujumbura zinapishana kwa saa moja, lakini ndani mashine nyingi za pande zote mbili huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, kisha ndipo zinaongeza saa za mahali zinapomwonyesha mtu. Tofauti inayojulikana si kosa. Kosa ni ile tofauti usiyoijua, inayokua kimyakimya.

Ila jambo hili linatoa kidokezo kizuri kwa anayetafuta chanzo cha hitilafu. Ukikuta mashine imepishana na wenzake kwa saa moja kamili au tatu kamili, usilaumu fuwele. Yaelekea mtu aliacha eneo la saa likiwa la nchi nyingine, kisha akasogeza mishale kwa mkono mpaka kioo kikaonyesha saa ya hapa. Kioo kikawa sawa, hesabu ya ndani ikapotoka. Ukikuta dakika nne na sekunde kumi na moja, hapo ni fuwele iliyoachwa bila kusahihishwa.

Mtandao unasahihisha, lakini si kwa ukamilifu

Utasema, si simu na kompyuta hujirekebisha zenyewe kwa mtandao? Naam. Kwa kompyuta, njia iliyozoeleka ni utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuandikwa rasmi mwaka 1985. Mashine inaiuliza seva ya saa, "Saa ngapi?", na inapopata jibu inapima safari nzima ya kwenda na kurudi. Kisha inachukulia kwamba kwenda na kurudi vimechukua muda sawa. Tuseme safari nzima ni milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Mashine itakadiria kwamba jibu lilikuwa njiani kwa milisekunde 250, na itaongeza hizo kwenye saa iliyoambiwa.

Sasa tuseme mtandao wa simu umebanwa upande wa kupandisha: swali limechukua milisekunde 400 na jibu 100 tu. Mashine imeongeza 250 badala ya 100, na saa yake sasa iko mbele kwa 150. Haina njia ya kugundua, kwa sababu ili kupima njia moja peke yake ungehitaji saa mbili zilizokwisha kupatana, na hizo ndizo tunazozitafuta. Faraja ni kwamba, ikiwa seva ya saa yenyewe ni sahihi, kosa la njiani haliwezi kuzidi nusu ya safari nzima.

Usahihisho wenyewe una mtego. Turudi kaunta. Karani anaandika bei saa 10:10 za kweli, muhuri unasema 10:14. Dakika moja baadaye kompyuta inapata mtandao, inagundua kosa, inajirudisha nyuma mpaka 10:11. Saa 10:12 karani yuleyule, kwenye kompyuta ileile, anasahihisha bei yake mwenyewe. Muhuri mpya ni 10:12, ule wa zamani ni 10:14. Karani kashindwa na nafsi yake. Ndiyo maana wajuzi hawapimi hata muda wa kazi kwa saa ya ukutani ya mashine. Hutumia kihesabio cha pili kilichomo ndani, kisichorudi nyuma kamwe, ambacho hakijui ni saa ngapi bali kinajua sekunde ngapi zimepita. Kampuni ya Cloudflare ilijifunza hilo usiku wa kuamkia mwaka 2017, pale sekunde moja ya ziada ilipoongezwa kwenye saa za dunia. Programu yake moja ilitoa saa ya mwanzo kutoka saa ya mwisho, ikapata jibu chini ya sifuri, ikaanguka.

Waulize namba, usiwaulize saa

Kwenye zahanati yenye foleni ndefu, mhudumu haulizi kila mgonjwa saa yake ya mkononi inasema alifika lini. Anagawa vipande vya namba. Namba haijui saa, lakini inajua nani yuko mbele ya nani. Suluhisho la kwanza kwa duka letu ni hilohilo: kila bidhaa ipewe namba ya toleo, na anayetoa namba awe mmoja, yaani seva.

Tuseme bei ya karani ilipopokelewa, saruji ikawa toleo la 7. Simu ya mwenye duka inaonyesha toleo la 7. Anapobadilisha, simu haisemi "nimeandika saa 10:12". Inasema "nimeona toleo la 7, na badala yake naweka 19,500". Kwenye hifadhidata amri ni fupi:

```
UPDATE bidhaa SET bei = 19500, toleo = 8
WHERE id = 42 AND toleo = 7;
```

Ikiwa saruji bado iko toleo la 7, mstari mmoja unabadilika na kazi imekwisha. Ikiwa mtu mwingine ametangulia na sasa ni toleo la 8, amri inajibu kwamba hakuna mstari uliobadilika. Hapo programu inajua mwenyewe alikuwa akitazama bei iliyopitwa, nayo inamwonyesha bei mpya na kumuuliza kama bado anataka kubadilisha. Saa haikuhusishwa hata kidogo. Kwa duka, zahanati au chama cha akiba chenye seva moja na mtandao wa kuaminika, njia hii inatosha.

Lakini mashine nyingi hazina mtandao muda wote. Fikiria mhudumu wa afya mwenye tableti vijijini, anayeandika kutwa bila mtandao na kupeleka taarifa jioni. Kupanga mabadiliko kwa jinsi yalivyoifikia seva hakufai hapa, maana kutangulia si kufika: lililoandikwa asubuhi kijijini linaweza kuwasili nyuma ya lililoandikwa mchana mjini.

Mwaka 1978 Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliandika makala iliyoligeuza swali. Alisema tusianze na saa ngapi, tuanze na nini kingeweza kuathiri nini. Jibu haliwezi kutangulia barua, na aliyesahihisha bei baada ya kuiona hawezi kuwa kabla ya aliyeiandika. Kutokana na hilo alipendekeza kihesabio chenye kanuni mbili. Kila mashine inapofanya jambo, inaongeza moja kwenye kihesabio chake. Kila inapopokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yake, inaruka mpaka namba hiyo na kuongeza moja.

Ijaribu dukani. Kihesabio cha kaunta kipo 30. Karani anaandika bei, inapata 31. Simu ya mwenye duka ilikuwa 12 tu, lakini inapoipokea bei hiyo inaruka hadi 32. Usahihisho wake unapata 33. Seva inaona 33 na 31, na usahihisho unashinda, hata kama saa ya kaunta ingekuwa mbele kwa mwaka mzima. Aliyeona kisha akaandika siku zote atakuwa na namba kubwa kuliko alichokiona.

Kihesabio hiki kina mpaka wake. Tuseme mwenye duka hakuwa na mtandao, hakuiona bei ya karani, akaandika ya kwake. Ingepata 13. Namba 31 ni kubwa kuliko 13, lakini hapo haisemi lolote kuhusu nani alikuwa wa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake. Kihesabio kimoja hakiwezi kutofautisha "alinifuata" na "hatukuonana".

Kinachotofautisha ni kila mashine kuwa na safu yake katika muhuri. Tuuandike muhuri kama jozi: idadi ya mabadiliko ya kaunta, kisha ya simu. Bei ya karani ina (5, 2). Mwenye duka aliyeiona na kuisahihisha atatoa (5, 3): hakuna safu iliyopungua, moja imeongezeka, basi hii imeifuata ile na inaichukulia nafasi. Mwenye duka ambaye hakuiona alikuwa bado na (4, 2), hivyo atatoa (4, 3). Weka (5, 2) kando ya (4, 3): kaunta iko mbele upande mmoja, simu upande mwingine. Huo ni mgongano wa kweli, na mashine sasa inajua kuwa ni mgongano. Inabakiza zote mbili na kumwonyesha mtu: "Bei mbili zimewekwa bila kuonana. Ipi ibaki?"

Njia hii ndiyo Amazon waliyoieleza mwaka 2007 walipochapisha muundo wa hifadhidata yao ya Dynamo, iliyobeba vikapu vya wanunuzi. Vikapu viwili vilivyogongana viliunganishwa ili kitu alichoongeza mnunuzi kisipotee. Gharama yake waliieleza wazi: kitu alichokiondoa mnunuzi kiliweza kurudi kikapuni. Gharama nyingine ni urefu wa muhuri, kwani kila mashine mpya inaongeza safu.

Andika tendo, usiandike jumla

Kuna mahali ambapo mpangilio hauhitajiki kabisa, na mahali hapo ni pengi kuliko tunavyodhani. Stoo ina mifuko 40. Kaunta inauza mitatu na kuandika "imebaki 37". Wakati huohuo stoo inatoa mitano na kuandika "imebaki 35". Ukimtafuta wa mwisho, utabaki na 37 au 35. Jibu sahihi ni 32, na hakuna saa yoyote duniani, hata iwe sahihi namna gani, itakayokupa 32 kwa kuchagua kati ya namba hizo mbili.

Muuza duka mwenye daftari analijua hili bila kufundishwa. Haandiki jumla juu ya jumla. Anaandika "toa 3", "toa 5", na kujumlisha jioni. Programu ikifanya hivyo, maingizo yanaweza kufika kwa mpangilio wowote na jumla itakuwa ileile. Sharti ni moja: kila ingizo liwe na kitambulisho chake cha pekee, ili mtandao ukilituma mara mbili lihesabiwe mara moja. Na mpaka wake ni huu: hakutazuia wauzaji wawili wasio na mtandao kuuza mfuko uleule wa mwisho. Hilo linahitaji kuulizana kabla ya kuuza, na namba ya toleo ndiyo inayolifanya.

Je, saa haifai kabisa? Google, katika hifadhidata yao ya Spanner waliyoieleza mwaka 2012, huitumia kupanga mabadiliko. Lakini waliweka vipokezi vya GPS na saa za atomu kwenye vituo vyao, na hata hivyo mashine haisemi "ni saa fulani". Inasema "ni kati ya hapa na hapa", pengo la milisekunde chache, na inasubiri pengo hilo lipite kabla ya kutangaza badiliko. Asiye na vifaa hivyo asiazime imani yao. Aubakize muhuri wa saa kwa kazi yake halali, yaani kumwonyesha mtu kwamba bei hii iliwekwa asubuhi ya jana.

Kama unatumia programu ya duka, chama au zahanati, unaweza kuipima leo kwa simu mbili. Kwenye ya kwanza zima saa ya kujiweka yenyewe, kisha isogeze mbele kwa dakika kumi. Ingiza bei ya bidhaa ya majaribio. Subiri mpaka simu ya pili iione bei hiyo, kisha kwa simu ya pili ibadilishe. Fungua upya zote mbili. Bei ya pili ikibaki, programu yako haikudanganywa na saa. Ile ya kwanza ikirudi yenyewe, umeona kwa macho yako namna masahihisho yako yanavyotupwa. Mpigie aliyekuuzia, mwambie ulichofanya, na umwombe namba ya toleo.